Kesi ya pamoja, kesi ya uwakilishi na kesi ya chama

Wafanyakazi wengi walioachishwa kazi kwa mkupuo husema kwamba wamefungua "kesi ya pamoja", na wengi wao huamini kwamba maneno hayo yanamaanisha kesi moja inayombeba kila aliyeguswa na uamuzi wa mwajiri, awe amejitokeza au hakujitokeza. Nimeyasikia matumizi hayo mara nyingi mno, hata kwa viongozi wa matawi ya vyama, na madhara yake huonekana siku ya malipo, pale mtu anapogundua kwamba jina lake halimo kwenye tuzo, yaani uamuzi unaoamuru nani alipwe.

Kwa ufupi, kesi ya pamoja ni madai ya wafanyakazi wawili au zaidi dhidi ya mwajiri mmoja, yanayotokana na tukio moja au sababu inayofanana, yanayosikilizwa ndani ya jalada moja. Kinachounganishwa ni usikilizwaji. Haki yenyewe hubaki ya kila mmoja, kwa kuwa kila mmoja ana mkataba wake, mshahara wake na tarehe yake ya kuajiriwa.

Kwa Tanzania Bara utaratibu huu huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mgogoro hupelekwa kwa fomu CMA F.1. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinasema katika kanuni ya 5 kwamba wafanyakazi wanaoleta shauri kwa pamoja wanaweza kumruhusu mmoja wao atie saini nyaraka kwa niaba yao. Ruhusa hiyo inatakiwa iwe ya maandishi, isainiwe na kila mfanyakazi, na iambatanishwe na fomu pamoja na orodha inayosomeka ya majina yao kamili na anwani zao. Ukiisoma kanuni hiyo polepole utaona kwamba haimzungumzii mtu asiyetajwa. Aliyeruhusiwa ni msaini wa nyaraka za watu wanaojulikana kwa majina, na kila mmoja wao ni mlalamikaji kamili.

Kesi ya uwakilishi ni jambo jingine kabisa. Kanuni za Mahakama ya Kazi, Tangazo la Serikali Na. 106 la 2007, katika kanuni ya 44, zinaruhusu mtu mmoja au wachache kusimama kwa niaba ya watu wengi wenye maslahi yanayofanana, lakini kwa idhini ya Mahakama, na baada ya idhini hiyo wahusika wote hupewa taarifa ya kufunguliwa kwa shauri. Taarifa hupelekwa kwa kila mmoja, au kwa tangazo la hadharani pale ambapo kumfikia kila mmoja hakuwezekani. Hapa wawakilishwa hawaonekani mbele ya jaji, na ndiyo maana Mahakama hujiridhisha kwanza kwamba wapo na kwamba kuna anayestahili kusema kwa ajili yao. Anayejiita mwakilishi kwa sababu tu wenzake walimpigia kura chini ya mwembe hana idhini hiyo, hata kama wote walimwamini kwa dhati.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tofauti hii ionekane. Kiwanda kimoja kinaachisha kazi watu 38: 25 wanapewa barua tarehe 3 Machi, na 13 waliobaki wanapewa zao tarehe 24 Machi. Wanakubaliana kwenda pamoja, wanamchagua mwenzao mmoja, naye anawasilisha fomu tarehe 15 Aprili. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30. Kundi la pili lina muda hadi tarehe 23 Aprili, kwa hiyo limo ndani. Kundi la kwanza muda wake uliisha tarehe 2 Aprili, na kuunganishwa na wenzao hakuwarudishii siku zilizopita. Watu hao 25 wanalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na Tume inaweza kukataa. Tukio lilikuwa moja machoni pao, lakini saa ya kila mmoja ilianza kuhesabu kwa barua yake.

Sasa tuseme pia kwamba katika orodha ya majina 38, watano hawakusaini ruhusa kwa sababu walikuwa wamesharudi vijijini. Msaini hana mamlaka juu ya hao watano. Mwajiri akiliibua jambo hilo, majina yao yanaweza kuondolewa. Iwapo ruhusa yenyewe haikuambatanishwa kabisa, shauri zima linaweza kufutwa. Shauri lililofutwa kwa kasoro ya namna hiyo kwa kawaida huweza kuletwa upya, ila wakati huo muda umeshapita, na safari inaanza tena kwa maombi ya kuongezewa muda. Binafsi naona ni heri kuchelewa siku mbili ukitafuta saini zote, maadamu ukomo haujafika, kuliko kuwahi na orodha yenye mapengo.

Jambo la tatu linalochanganywa na haya mawili ni kesi ya chama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamruhusu mfanyakazi kuwakilishwa mbele ya Tume na mwanachama au ofisa wa chama chake cha wafanyakazi, kama inavyomruhusu kuwakilishwa na wakili au na mwakilishi wake binafsi. Katika hali hiyo chama ni msemaji tu, na walalamikaji ni wale wale wenye majina. Asiye mwanachama hajaingia ndani ya shauri kwa sababu tu katibu wa tawi amekwenda Tume.

Hata hivyo kuna mgogoro ambao kweli ni wa chama chenyewe, nao ni ule unaohusu mkataba wa hali bora. Mkataba huo husainiwa na chama na mwajiri, hivyo chama ni upande wa mkataba. Mwajiri akikataa, kwa mfano, kulipa posho ya zamu iliyoandikwa humo, chama kinaweza kuupeleka mgogoro Tume kwa jina lake. Usuluhishi ukishindikana, unakwenda Mahakama ya Kazi kwa uamuzi, isipokuwa pande hizo zilikubaliana njia nyingine. Na kama chama kimetambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano mahali hapo, mkataba huwafunga hata wafanyakazi wasio wanachama. Nadhani ni hapa ambapo imani ya "chama kimetuingiza wote" imezaliwa. Ni imani iliyo kweli katika tafsiri ya mkataba wa hali bora, ikahamishiwa kwenye kuachishwa kazi, ambako haifanyi kazi.

Neno moja kuhusu mapatano. Ruhusa ya kanuni ya 5 inataja kutia saini nyaraka. Msuluhishi akifikia mahali ambapo mwajiri anatoa kiasi fulani ili shauri liishe, ni vyema wenzake wawe wamempa msaini mamlaka ya wazi ya kupatana, au wasaini wenyewe, na jedwali liambatanishwe likionyesha jina la kila mtu na kiasi chake. Tuzo inayosema tu kwamba "walalamikaji walipwe" huzaa ubishi mpya wakati wa kuikazia.

Kwa hiyo, ndugu unayesema umo kwenye kesi ya pamoja kwa kuwa ulifanya kazi kiwanda hicho hicho na ulifukuzwa siku hiyo hiyo, unachoeleza ni kwamba mna malalamiko yanayofanana. Kuwa ndani ya kesi ni jina lako na saini yako kwenye ile karatasi iliyoambatanishwa na CMA F.1, na nakala yake unaweza kuiomba kwa aliyesaini kwa niaba yenu.