Wimbo wa kumshukuru mama uliotungwa na darasa: ni wimbo gani na hujengwaje

Wimbo wa aina hii hutungwa na watoto wa shule ya msingi pamoja na mwalimu wao, na shukrani yake hujengwa kwa kazi ambazo mama huzifanya kila siku na mtoto akaziona kwa macho yake. Kinachoutofautisha na nyimbo nyingine za sifa ni chanzo cha maneno. Mstari kama "mama una upendo mwingi" unaweza kuimbwa na mtoto yeyote kwa mama yeyote, hivyo haumgusi hata mmoja. Mtoto anayesema kwamba mama alikata uzi kwa meno amemtaja mama yake, na mama huyo akiwa ameketi ukumbini atajijua.

Kazi kubwa basi hufanyika kabla ya kutunga, na yote inategemea swali la mwalimu. Akiuliza, "Kwa nini unampenda mama?" atajibiwa kwamba ananipenda, ananilea, ananisomesha. Watoto hawajakosea, wamejibu walichoulizwa. Swali linalozaa wimbo ni dogo zaidi: jana jioni mama alishika nini mkononi? Alikuwa amesimama au ameketi? Ulisikia sauti gani ukiwa umelala? Ni vizuri watoto wapewe siku moja ya kuangalia nyumbani kabla ya kujibu, na kila mmoja alete tendo moja tu. Tendo linalofaa hutambulika kirahisi: mtoto mwingine anaweza kuliigiza mbele ya darasa bila kuelezwa zaidi. "Ananitunza" haiigiziki. "Anashona kifungo" inaigizika.

Tuchukue hicho kifungo. Tuseme mtoto ameeleza hivi: "Kifungo cha shati langu kilitoka, mama akakishona usiku, akakata uzi kwa meno, asubuhi nikakuta shati kwenye kiti." Hapo kuna mambo manne, nayo yanatosha ubeti wa mishororo minne. Kwa watoto wadogo mshororo wa mizani 8 unafaa sana, kwa sababu unaimbika kwa pumzi moja na wanaweza kuuhesabu kwa kupiga makofi. Darasa likisaidiwa kupanga maneno hayo linaweza kufika hapa:

Kifungo kikidondoka,
Mama sindano hushika;
Uzi kwa meno hukata,
Shati kitini nakuta.

Vina vinakwenda wawili wawili, -ka na -ka, kisha -ta na -ta. Kulazimisha kina kimoja ubeti mzima huwafanya watoto waache tendo lao la kweli ili watafute neno linalolingana, na hiyo ni hasara kubwa kuliko kina kilichokosekana. Tazama pia kitenzi. Mtoto alisimulia jambo lililotokea mara moja, lakini wimbo unasema "hushika" na "hukata", kwa maana hiyo ndiyo desturi ya mama. Hata kwenye mizani kuna faida, kwani "anashika" inakula nne na "hushika" tatu.

Ubeti wa pili utoke kwa mtoto mwingine mwenye maisha tofauti, la sivyo wimbo utamwonyesha mama mmoja tu, yule wa jikoni. Mama wengine wanafanya kazi za zamu. Mtoto wa mama kama huyo anaweza kuwa ameona jambo ambalo mtu mzima asingelifikiria:

Zamu yake ikiisha,
Hataki kutuamsha;
Mlangoni huinama,
Viatu huvua mama.

Sijui mstari wa sifa unaoweza kulingana na huo wa viatu. Neno "upendo" halimo, na halihitajiki.

Shukrani yenyewe hukaa kwenye kiitikio, ambacho darasa zima huimba baada ya kila ubeti. Kiwe kifupi, kisirudie yaliyosemwa kwenye beti:

Asante mama, twaona,
Usiku hata mchana.

Hapa watoto hukwama kidogo kwenye kuhesabu, kwa sababu "mchana" ina mizani tatu: m, cha, na. Ile m ya mwanzo inasimama peke yake, ipigiwe kofi lake. Vivyo hivyo "mlangoni" ina nne na "kutuamsha" ina tano. Wakiiruka m, mshororo utapungua na wimbo utayumba mahali palepale kila unaporudiwa.

Kwenye sauti, jambo la kuangalia zaidi ni mwisho wa mshororo. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika mizani 8 pigo zito la mwisho lazima litue kwenye silabi ya saba, na ya nane iachiliwe kwa upole. Katikati ya mshororo sikio husamehe, mwishoni halisamehi. Ukisikia watoto wanavuta "nakutaaa" badala ya "nakuuta", kosa ni la sauti uliyowapa, ambayo imeweka noti ndefu mahali pasipo pake. Irekebishe hapo, usiwakemee wao. Sauti yenyewe isitanuke sana: do hadi la inatosha. Mwalimu mwanamume aanzishe juu kidogo kuliko anavyozoea kuongea, maana akianza chini mno watoto watanguruma, na akipanda mno watapiga kelele. Beti zinaweza kuimbwa na vikundi vidogo, kila kikundi ubeti wake, na beti nne au tano zinatosha.

Kuna mstari mmoja ambao karibu kila darasa litauleta, nao ni "mama hachoki". Mimi ningeukataa. Watoto wanajua kwamba mama anachoka, wamemwona amesinzia akiwa ameketi. Wimbo unaomsifu kwa kutochoka unamwomba aendelee hivyo, na hapo shukrani imegeuka kuwa agizo. Aliyemwona amesinzia aseme hivyo hivyo, nao ukawa ubeti.

Si kila kinachosemwa darasani kinafaa kuandikwa ubaoni. Mtoto akitaja deni, ugonjwa au ugomvi wa nyumbani, mwalimu apokee kwa utulivu, asiandike, kisha azungumze naye kando. Hata tendo lisilo na siri libaki bila jina la mtoto ndani ya wimbo, maana mama mwingine angeona haya kusikia nguo za mwanawe zinavyoshonwa zikitangazwa mbele za watu.

Darasani humo pia kuna watoto wasiolelewa na mama. Wasiambiwe wamfikirie mama wa mwingine. Watazame anayewalea, na kiitikio baada ya ubeti wao kibadilike: "Asante bibi, twaona", au baba, au dada. Maneno hayo yote yana mizani mbili kama "mama", hivyo sauti haiguswi. Kwa shangazi, ambaye ana mizani tatu, mshororo unavuka kipimo kwa mizani moja, na dawa yake ni kupunguza kwingine: "Shangazi, sasa twaona." Neno "asante" limeondoka hapo, basi lirudi kwenye mshororo wa pili: "Asante usiku, mchana." Huo nao una tisa, kwa hiyo darasa litalazimika kukaa tena na kupiga makofi hadi lipate nane.