Mjusi wa buluu na mkadi wake: kwa nini ufiche mahali ulipopiga picha

Je, kuna ubaya gani nikiandika mahali hasa nilipompiga picha mnyama adimu? Si picha tu?

Inategemea mnyama mwenyewe anaishije. Chukua mjusi wa buluu wa Morogoro, Lygodactylus williamsi. Ni mdogo kama kidole, dume lake lina buluu ya kung'aa, na duniani kote anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya huko, hasa Kimboza. Anaishi juu ya miti iitwayo mikadi, kajibana kwenye makutano ya majani yake marefu yenye miiba. Dume hulinda mti wake na majike waliomo, wala hana safari. Ulipomwona leo ndipo atakapokuwepo mwezi ujao. Ukibandika nukta ya GPS hujataja msitu, umetaja mti.

Na wanaoutafuta mti huo wapo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya 2004 na 2009 mijusi zaidi ya 30,000 walichukuliwa Kimboza wakauzwa ng'ambo, wafugwe kwenye vioo majumbani. Inauma zaidi ukijua walivyokamatwa: mikadi ilikatwa ikaangushwa ili wafikiwe, kwa hiyo hata walioponyoka walibaki bila makazi. Tangu 2017 mkataba wa CITES unakataza biashara ya kimataifa ya mijusi hao waliotolewa porini, lakini mkamataji wa magendo bado anasoma mitandao kama sisi. Jina la msitu analo tayari. Kinachompotezea muda ni kujua ni njia ipi na mti upi, na hilo ndilo tusimrahisishie.

Kwa tembo anayezunguka, kuchelewesha picha wiki mbili kunasaidia. Kwa mjusi huyu, au kwa kiota cha tai, hakusaidii.

Basi zima ruhusa ya mahali kwenye kamera ya simu kabla hujapiga, maana namba za GPS hujiandika ndani ya faili. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida, ila ukituma kama dokumenti zinakwenda nazo. Msogelee mjusi hadi majani yajaze fremu, kibao cha njia wala kilele cha mlima kisionekane nyuma. Kwenye maelezo, "Mkoa wa Morogoro" inatosha. Namba kamili zina kazi kwa wahifadhi wa msitu, wapelekee wao moja kwa moja.

Ukitumia iNaturalist, mtandao ambao watu huweka picha za viumbe walioona na mahali walipowaona, chagua Obscured. Nukta itatupwa popote ndani ya mraba wa kilomita kama 22 kila upande. Lakini mtandao huo haufichi ulichoandika kwa mkono wako, kama "mita 50 baada ya daraja". Halafu kuna mtego ambao wengi hawauoni: kipepeo uliyempiga picha siku hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye mkadi, ukampandisha na mahali wazi. Anayefuatilia akaunti yako ataunganisha hizo mbili. Naye mfiche.