Kuwazungusha wanagenzi wa useremala bila kuchelewesha oda

Ingia karakana yoyote ya useremala Isevya au Ng'ambo hapa Tabora, umuulize kijana anayepiga msasa ameanza lini. Si ajabu akujibu kwamba ni mwaka wa pili sasa, na patasi hajawahi kuishika zaidi ya kumpelekea fundi. Fundi mkuu hana roho mbaya. Ana milango ya watu, malipo ya awali ameshayatumia kununulia mbao, na anajua kijana huyu akibaki kwenye msasa kazi itatoka. Kila mtu anawekwa pale anapofanya vizuri, na pale pale anabaki.

Wengine, wakishaliona tatizo, hukimbilia kinyume chake: Jumatatu moja wanawahamisha wote. Wiki hiyo karakana nzima ni ya wageni, viungo vinalegea, vanishi inachuruzika, na ikifika Alhamisi kila mmoja amerudishwa kwake. Njia tunayowashauri mafundi ni ya katikati. Wahamishe wawili tu kwa wakati mmoja, wabadilishane nafasi, na wawili waliobaki wasiguswe.

Chukua karakana yenye fundi mkuu na wanagenzi wanne, inayotengeneza milango ya paneli ya mninga. Kazi ina vituo vinne. Cha kwanza ni kupima, kupasua na kupiga randa. Cha pili ni kuchora na kukata viungo, yaani ndimi na matundu yake. Cha tatu ni kuunganisha kwa gundi na vibano, na cha nne ni msasa na vanishi. Tuwape vijana majina ya mfano: Kashindye yuko kituo cha kwanza, Shija ambaye viungo anavijua yuko cha pili, Neema cha tatu, Hamisi cha nne.

Mwisho wa wiki ya 3, Kashindye na Shija wanabadilishana. Wiki ya 6, Neema na Hamisi. Wiki ya 9, Kashindye aliyeko kwenye viungo anabadilishana na Hamisi aliyeko kwenye kuunganisha. Wiki ya 12, Shija anatoka kwenye randa kwenda kwenye vanishi, na Neema anachukua randa. Wiki ya 15, Neema na Hamisi wanabadilishana tena, safari hii kati ya randa na viungo. Wiki ya 18, Kashindye anakwenda kwenye vanishi na Shija anaingia kwenye kuunganisha. Ikifika wiki ya 21, kila mmoja amepita vituo vyote vinne, na hakuna wiki hata moja ambayo wageni walizidi wawili. Ukipenda, chora kwenye karatasi uhakikishe.

Ona pia kwamba Kashindye, Hamisi na Neema kila mmoja amekaa wiki 6 kwenye viungo. Hiyo imepangwa makusudi. Kituo hicho ndicho kinachobana oda zote, na ndicho kigumu kujifunza. Msasa kijana anaushika ndani ya wiki chache, lakini ulimi unaokaa sawasawa kwenye tundu lake unataka mkono uliozoea.

Sasa tuje kwenye oda. Tuseme milango 6 inatakiwa, na zamu ya Kashindye kuingia kwenye viungo imefika. Shija hukata viungo vya mlango mmoja kwa siku. Kashindye, akiwa mgeni, atatumia siku 2 kwa kila mmoja wa milango miwili ya mwanzo, kisha siku moja na nusu kwa kila unaofuata. Ukimwachia yote 6, ni siku 10 badala ya 6, na mteja atakuja juu.

Dawa yake ni akiba ndogo. Kabla ya kuhama, wiki yake ya mwisho, Shija anakata viungo vya milango 2 kati ya hiyo na kuviweka pembeni. Fundi mkuu anakata mlango mmoja yeye mwenyewe, Kashindye akisimama pembeni na kutazama. Kinachobaki ni milango 3: siku 2, siku 2, na siku moja na nusu. Jumla ni siku tano na nusu, na wiki ya kazi ina siku 6. Neema na Hamisi, ambao hawajahama, wanaanza na ile akiba ya Shija, kwa hiyo hawakai bure wakimsubiri mgeni.

Akiba hiyo isiwe kubwa wala isilale muda mrefu. Kiangazi cha huku, kati ya Mei na Oktoba, hewa ni kavu, na ulimi uliokatwa ukabana vizuri leo unaweza kusinyaa ukalegea, hasa kama mbao haikukauka vya kutosha. Viungo vya siku chache vinatosha. Vipangwe kivulini na kufunikwa.

Mgeni naye asianzie kwenye mninga wa mteja. Mbao hizo zinatoka mbali, Sikonge na Kaliua huko, na bei yake kila mtu anaijua. Mpe vipande vilivyobaki. Achore ulimi wenye unene wa theluthi moja ya mbao. Kwa mbao ya milimita 45 baada ya randa, ni milimita 15. Kipimo cha kumpitisha ni rahisi. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Kisha nyanyua kipande kimoja: cha pili kikining'inia bila kudondoka, kiungo ni kizuri. Kikidondoka, kimelegea, na asidanganyike kwamba gundi itajaza. Ukilazimika kupiga kwa nguvu, utapasua mbao. Akipata viungo vitatu vizuri mfululizo, aingie kwenye mlango. Kwenye kuunganisha, kipimo ni kulinganisha urefu wa pembe hadi pembe, pande zote mbili, kabla gundi haijashika.

Mashine ya kupasulia ni suala jingine. Kwenye kituo cha kwanza mgeni asiachwe nayo peke yake, na aliye chini ya miaka 18 asiiguse kabisa. Na huyo wa msasa avae barakoa: vumbi la mninga huwasha pua na ngozi, na wengine huwaletea pumu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutomwacha mtu mmoja hapo mwaka mzima.

Mpango huu huvunjika kwa namna moja zaidi ya zote. Inakuja oda ya haraka, fundi mkuu anasema, "Rudini kwenye nafasi zenu kwa siku mbili tu," na siku hizo mbili haziishi. Kukiwa na haraka, ahirisha badiliko linalofuata, hata kwa wiki mbili, lakini usilitengue lililokwisha fanyika. Andika majina na tarehe ukutani kwa chaki. Jina lililokaa kituo kimoja wiki 12 litaonekana lenyewe.

Kubalianeni posho kabla ya kuanza. Kama wa msasa analipwa kwa idadi ya milango na wa viungo hapati kitu, hakuna atakayekubali kuhama, na huwezi kumlaumu.

Weka na daftari la kila mwanagenzi: kituo, tarehe, kazi aliyoimaliza kwa mkono wake, sahihi yako. VETA huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti, na anayejua msasa peke yake atakwama mapema. Mwanagenzi akiondoka katikati ya mzunguko, anayechukua nafasi yake aanzie kwenye msasa, na aliyekuwa kwenye msasa ndiye azibe pengo.