Losheni iliyozuiwa kwa sababu ya "taratibu"

Kazi yangu ni kukagua matangazo ya vipodozi kabla hayajaingia kwenye duka la mtandaoni. Chukua losheni hii ya mshubiri, ml 250. Muuzaji amejaza kila sehemu ya lazima: jina, ujazo, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na viambato. Ila kwenye viambato ameandika "asili tupu".

Mfumo unaouliza tu kama sehemu imejazwa utaridhika hata na nukta. Mimi huutaka uone orodha: majina yaliyotenganishwa kwa mkato, yakianza na kiambato chenye uzito mkubwa. Losheni nyingi ni maji na mafuta, kwa hiyo "Aqua" huwa mwanzoni. Isipokuwepo kabisa, namwomba muuzaji picha ya lebo. Kwenye lebo hiyo natafuta pia haidrokwinoni na zebaki, ambavyo Tanzania imevipiga marufuku katika vipodozi. Zebaki ina majina mengi: "calomel", "mercurio" na "mercurous chloride" yote yanaihusu.

Sasa maelezo: "Paka taratibu asubuhi na jioni. Itakutibu chunusi." Kipodozi hakitakiwi kudai kinatibu, hayo ni madai ya dawa, na dawa ina usajili wake. Ukipiga marufuku "tibu" kama neno kamili, "itakutibu" itapita, maana viambishi vimeshikana na kitenzi. Ukitafuta herufi hizo popote, utanasa hata "taratibu", na muuzaji atafuta sentensi isiyo na kosa huku ile yenye kosa akiiacha. Nimeona orodha nyingi za maneno yaliyokatazwa zikikwama hapa, kwa kuwa zilitungwa kwa lugha ambayo maneno yake hayarefuki hivi. Mimi natumia hii:

```
\b(?!(?:u?taratibu|katibu|mratibu)\b)\w*tibu\b
\w*pony[aei]\b
```

Mstari wa kwanza unayaruka maneno yasiyo na hatia, kisha unakamata hutibu, inatibu, itakutibu. "Hutibiwa" haiingii humo, inahitaji mstari wake. Mstari wa pili una irabu tatu kwa sababu "ponya" hubadilika mwishoni: iponye, haiponyi.

Na hapo kwenye "haiponyi" pana mtego. Muuzaji mwangalifu huandika "bidhaa hii haitibu ugonjwa wowote", na kanuni inamkamata pamoja na waongo. Kwa hiyo neno likiwa na ha- mwanzoni, sizuii tangazo. Nalipeleka kwa mkaguzi alisome. Kulipitisha moja kwa moja nako ni hatari, kwani wapo wanaoandika "haitibu chunusi tu, inaondoa na ukurutu".

Losheni yetu ilirudi na viambato kamili na maelezo safi. Lakini picha ya pili ilikuwa na maandishi mekundu juu ya chupa: "DAWA YA CHUNUSI". Kanuni zangu husoma maandishi ya fomu tu, kwa hiyo picha nazifungua mwenyewe, moja moja.