Mashapo ya kahawa si mbolea mpaka yaoze

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mtu mzima anayelima mboga kwenye viroba uani kwake, aliniita. Nilipomsalimu shikamoo akaitikia marahaba, kisha hakuchelewa: "Bwana shamba, njoo uone mchicha wangu, umegoma." Viroba vitano vya mchicha vilikuwa vimesinyaa, majani yamepauka, miche ina urefu wa kidole wakati umri wake ulikuwa wa kuchumwa. Juu ya udongo wa kila kiroba kulikuwa na tabaka jeusi lililokauka na kupasuka kama tope la bwawa. Nikamwagia maji kidogo. Yakasimama juu, yakatafuta upenyo pembeni mwa kiroba, yakatokea chini bila kuigusa mizizi.

Yalikuwa mashapo ya kahawa. Mwanawe huchemsha kahawa ya kuuza jioni barazani, na kila usiku humletea mama yake ndoo ndogo ya mashapo. Ameambiwa na watu kwamba ni mbolea. Mimi kazi yangu ni udongo, na hili ni jambo ninalokutana nalo mara kwa mara, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Kweli mashapo yana nitrojeni, kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake yakiwa makavu. Hapo ndipo habari ya mbolea ilipoanzia. Lakini nitrojeni hiyo imefungwa ndani ya protini za buni, na mzizi hauwezi kula protini. Ni lazima vijidudu vya udongo vivunje kwanza, na kazi hiyo huchukua miezi. Wakati huohuo mashapo bado yana mabaki ya kafeini na kemikali nyingine chungu ambazo mbuni huzitengeneza kwa ajili ya kujilinda. Kemikali hizo hudumaza miche michanga. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha majaribio ya kuchanganya mashapo mabichi na udongo, wakapanda brokoli, liki, figili, alizeti na maua. Mimea yote ilidumaa, hata pale walipoongeza mbolea ya kawaida. Maana yake shida haikuwa njaa peke yake. Udongo ulishika maji vizuri zaidi, hilo ni kweli, lakini mmea haukufaidika.

Na kuna lile tabaka. Chembe za kahawa ni ndogo sana, zikimwagwa nene hushikamana, na zikikauka huyakataa maji. Mama alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni, na mchicha wake una kiu.

Wengine huniuliza kuhusu tindikali, wakiamini mashapo hubadilisha udongo kuwa mchachu. Sehemu kubwa ya uchachu huishia kwenye kikombe. Mashapo yaliyokwisha kuchemshwa mara nyingi yana pH ya kati ya 6 na 7, karibu sawa na udongo wa kawaida wa bustani. Kwa hiyo usiyaogope kwa sababu hiyo, wala usiyategemee kwa mmea unaotaka udongo mchachu.

Tulichofanya ni hiki. Tulikwangua tabaka lote, tukatifua udongo wa juu kwa uma wa zamani wa jikoni, tukaweka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, viganja viwili kwa kila kiroba. Mashapo yote tukayahamishia kwenye lundo la mboji nyuma ya choo cha nje. Kipimo chetu kilikuwa ndoo: ndoo moja ya mashapo kwa ndoo nne za vitu vingine, yaani majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, maganda ya jikoni na samadi kidogo. Usizidishe hapo. Mashapo yakipita sehemu moja kati ya tano, lundo huwa zito, hewa haipiti, na utaanza kusikia harufu ya mayai viza. Ukiisikia, ongeza majani makavu na uligeuze lundo siku hiyohiyo.

Unyevu hupimwa kwa ngumi. Chukua kiganja cha mboji ukikamue: yakitoka matone mawili matatu, panatosha. Yakitiririka, ni maji mengi; ikimomonyoka mkononi, nyunyizia. Joto hupimwa kwa fimbo. Ichomeke katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Siku za mwanzo itakuwa ya moto. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili, na kwa joto letu la pwani ndani ya miezi miwili hadi mitatu fimbo itatoka baridi hata baada ya kugeuza. Hapo nusa: inatakiwa inukie kama udongo baada ya mvua, si kahawa.

Kabla ya kuitumia, jaza mboji kidogo na udongo kwenye kopo moja, udongo mtupu kwenye kopo jingine, upande mbegu za mchicha humo. Zikiota sawasawa kwenye makopo yote mawili, mboji imeiva. Zikichelewa au kudumaa kwenye kopo la mboji, iache wiki tatu zaidi.

Neno kwa wanywaji wa kahawa ya unga inayoyeyuka kikombeni: ninyi hamna mashapo, kwa hiyo hili haliwahusu. Na wenye mbwa, funikeni lundo. Kafeini ni sumu kwake.

Sasa ndani ya nyumba. Kwa harufu ya friji mashapo husaidia kiasi, kwa sharti moja: yawe makavu kabisa. Yatandaze kwenye sinia juani, tabaka jembamba kuliko kidole, uyageuzegeuze siku nzima au mbili mpaka yachuruzike vidoleni bila kunata. Ukiyaweka mabichi, baada ya siku chache utakuta ukungu mweupe na umeongeza harufu badala ya kuipunguza. Bakuli dogo lililofunikwa kitambaa linatosha, ubadilishe kila baada ya wiki mbili. Sehemu ya kazi hiyo ni harufu ya kahawa kuifunika nyingine tu. Samaki aliyevuja kwenye rafu bado anahitaji kufutwa.

Kusugua mikono baada ya kumenya vitunguu saumu au kuparua samaki, hapo nayapenda sana. Kijiko kimoja, sabuni, unasugua, harufu inaondoka. Usoni usiyapeleke: chembe zake zina kingo kali, hukwaruza ngozi, na mwenye chunusi huzidisha vidonda. Michirizi ya tumboni au mapajani haiondoki kwa kusuguliwa na kahawa.

Baada ya kusugua, usisuuzie kwenye sinki kwa mazoea. Wapo wanaosema mashapo husafisha bomba. Hayayeyuki. Hutulia kwenye kona ya bomba chini ya sinki, yakikutana na mafuta ya kupikia yanageuka donge. Suuzia kwenye beseni, maji uyamwage nje.

Mama aliniuliza pia kuhusu konokono, maana alisikia mashapo yakizungushwa kwenye shina huwafukuza. Mwaka 2002 watafiti wa Hawaii walionyesha kwamba maji yenye kafeini ya asilimia 1 hadi 2 huua konokono. Kahawa ya kikombe haifiki hata asilimia 0.1, na mashapo yaliyochemshwa muda mrefu kafeini yake nyingi imekwisha kutoka. Siku hizi anatoka saa mbili usiku na tochi na kopo la maji ya chumvi, anawaokota mmoja mmoja kutoka chini ya viroba.