Kufunga Tawi Lenye Hasara: Namna ya Kuandika Waraka wa Bodi Unaoweza Kuamuliwa

Waraka wa kupendekeza kufunga tawi mara nyingi hufika mbele ya Bodi ukiwa na mambo mawili tu: taarifa ya mapato na matumizi inayoishia kwenye hasara, na jedwali la sehemu nne lenye nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya tawi. Wajumbe husoma jedwali, hutazama hasara, kisha hubishana kwa hisia, kwa sababu hakuna kinachounganisha kurasa hizo mbili. Makala haya yanaonyesha kiungo hicho kwa mfano tuliouandaa kwa ajili ya mafunzo, wa kampuni ya kuuza pembejeo za kilimo yenye makao makuu Njombe mjini na tawi Makambako.

Kwa mwaka mzima tawi hilo limeuza bidhaa za shilingi milioni 640 na kupata faida ghafi ya milioni 84. Mishahara imegharimu milioni 38, pango milioni 12, ulinzi, umeme na usafirishaji milioni 14, na uchakavu wa rafu na samani milioni 6. Mhasibu ameongeza milioni 32, ambazo ni sehemu ya gharama za makao makuu inayotozwa kila tawi kwa asilimia 5 ya mauzo. Jumla ya gharama inakuwa milioni 102, na hasara ni milioni 18. Tumetumia mwaka mzima kwa makusudi, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi karibu na Mei, na duka la mbolea likipimwa kwa miezi ya Julai hadi Septemba peke yake litaonekana limekufa hata kama ni zima.

Swali la Bodi si kama tawi lina hasara, bali ni kiasi gani cha gharama kitaondoka siku mlango utakapofungwa. Mishahara, pango na matumizi ya kila siku yataondoka, jumla milioni 64. Uchakavu hauondoki, kwa kuwa fedha za rafu zilishatumika. Mshahara wa meneja mkuu na ada ya mkaguzi wa hesabu vitabaki vilevile. Katika zile milioni 32, huenda zikaokolewa milioni 4 za safari za ukaguzi na mawasiliano. Kwa hiyo tawi linaingiza milioni 84 na kusababisha gharama za milioni 68, na linaichangia kampuni milioni 16 kila mwaka. Kampuni ikilifunga kwa sababu ya ile hasara ya milioni 18, milioni 28 zilizobaki za makao makuu zitahamia kwenye matawi mengine, na mwakani kuna tawi jingine litakaloanza kuonekana lina hasara. Tumeona kosa hili likirudiwa mara nyingi kuliko jingine lolote.

Hata hivyo, waraka mzuri hauishii hapo, na hapa ndipo watetezi wa tawi huwa wanasahau jambo. Tawi limeshikilia wastani wa milioni 110 za bidhaa stoo na milioni 60 za wadaiwa. Milioni hizo 170 zimetoka kwenye ovadrafti ya kampuni, ambayo katika mfano wetu inatozwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, na riba hiyo, milioni 27.2, imeandikwa kwenye vitabu vya makao makuu bila kulihusisha tawi. Ukiitoa kwenye mchango wa milioni 16, tawi linaigharimu kampuni milioni 11.2 kila mwaka. Hasara ipo kweli, lakini si ile iliyoandikwa kwenye taarifa, na haitokani na mahali mhasibu alipoitafuta.

Sasa jedwali lina kazi ya kufanya. Kwenye nguvu, maneno kama "wafanyakazi wazoefu" hayamsaidii mjumbe. Kinachomsaidia ni kwamba tatu ya tano ya mauzo hulipwa fedha taslimu. Kwenye udhaifu andika kwamba kati ya milioni 60 za wadaiwa, milioni 25 zimepita siku 90. Fursa ni jambo la nje ambalo lingekuwepo hata kampuni isingekuwepo: Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya kwenda Mbeya na ile ya Songea, na ina stesheni ya TAZARA, hivyo wanunuzi wa vijijini hupita hapo hata pasipo duka letu. "Kuongeza matangazo" si fursa, ni uamuzi wa menejimenti, na mahali pake ni kwenye mapendekezo. Kwenye vitisho liwepo suala la bei elekezi za mbolea zinazotangazwa na mamlaka ya udhibiti, kwa maana zinazuia tawi kupandisha bei ili kuziba pengo.

Kitisho hicho ndicho kinachoamua njia ya kujinasua. Kwa kuwa faida ghafi ni kama asilimia 13 ya mauzo na bei haiwezi kupanda, kupata milioni 11.2 kunahitaji mauzo ya ziada ya takriban milioni 85, bila kuongeza mfuko hata mmoja stoo wala mdaiwa mmoja. Meneja wa tawi aulizwe wateja hao ni akina nani. Kama jibu lake ni mikopo zaidi kwa wakulima, basi tiba yake inaongeza ugonjwa uleule. Kupunguza bidhaa na mikopo nako kuna mipaka: tuseme stoo ikishushwa hadi milioni 60 na wadaiwa hadi milioni 20, riba itashuka hadi milioni 12.8, lakini mauzo yakipungua kwa asilimia 10 mchango utabaki milioni 7.6, na pengo la milioni 5.2 litaendelea kuwepo.

Kwa takwimu hizi tungependekeza kufunga, na mjadala wa maana zaidi ni wa tarehe. Ukifunga Desemba, unapoteza mauzo ya msimu na unabaki na stoo iliyojaa. Ukitangaza mapema mno, wadaiwa watasubiri uondoke. Katikati ya mwaka bidhaa zimepungua na wakulima wana fedha za mavuno, kwa hiyo ndio wakati wa kukusanya madeni, ilimradi kuwe na mtu wa kukusanya baada ya duka kufungwa.

Gharama ya kufunga nayo iwe na ukurasa wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka wafanyakazi au chama chao wajulishwe na kushauriwa kabla ya kupunguzwa, notisi isipungue siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo kiwe mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 600,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku sita kwa wiki na aliyetumikia miaka minane, atalipwa siku 56, takriban shilingi milioni 1.3. Ongeza miezi iliyobaki kwenye mkataba wa pango na sehemu ya madeni yale ya milioni 25 ambayo huenda isilipwe kamwe.

Pendekezo lenyewe liandikwe kwa namna ambayo Bodi inaweza kuliridhia au kulikataa bila kuuliza tena: "Menejimenti inaiomba Bodi iridhie kufungwa kwa tawi la Makambako ifikapo tarehe 31 Julai, kusitishwa kwa mauzo ya mkopo kuanzia tarehe 1 Februari, kuanza kwa mashauriano na wafanyakazi mwezi Aprili, kubaki kwa ofisa mmoja wa madeni hadi Oktoba, na kuteuliwa kwa wakala Makambako atakayenunua kutoka Njombe kwa fedha taslimu."