Kilobiti, pikseli na fremu: kurusha harusi mubashara kwa mtandao mdogo

Chukua nikaha inayofungwa Arua, Uganda, na jamaa wa bibi harusi wako Nairobi na Dubai wakisubiri kuiona kwenye YouTube. Mpigapicha ana laptopu yenye OBS, programu ya kurushia matangazo, na modemu ya laini ya simu. Swali lake la kwanza huwa "nirushe HD?" Kabla ya hilo kuna swali jingine: laini yake inapandisha kiasi gani?

Anayetazama anategemea kasi ya kushusha. Anayerusha anategemea kasi ya kupandisha, na mara nyingi hii ndiyo ndogo. Ipime ukumbini penyewe, saa ileile ya shughuli, na urudie. Tuseme vipimo vimetoa megabiti 2.6, kisha 2.1, kisha 1.8 kwa sekunde. Shika 1.8, usishike wastani, maana matangazo hukatika pale laini inapoanguka chini. Hata hiyo 1.8 usiimalize. Wageni wakishajaa, simu zao zote zitagombania mnara uleule. Tumia kama theluthi mbili, yaani kilobiti 1,200 kwa sekunde. Sauti ipewe 96 kwanza, kwa sababu watu huvumilia picha yenye ukungu lakini khutba isiyosikika hawaivumilii. Picha inabakiwa na 1,100 hivi, na hicho ndicho kiwango cha biti utakachoandika kwenye Bitrate ya picha ndani ya OBS.

Hizo 1,100 ni sufuria moja ya pilau: ukiongeza sahani, kila sahani inapungua. Sahani zenyewe ni pikseli, nazo huongezeka kwa njia mbili, ukikuza picha au ukiongeza fremu kwa sekunde. Picha ya 1280x720 ina pikseli 921,600. Ukirusha fremu 30, kila sekunde ni pikseli zaidi ya milioni 27, na biti moja inalazimika kuhudumia pikseli 25. Ukipanda hadi fremu 60, ni pikseli 50 kwa biti moja. Shuka sasa hadi 854x480 kwa fremu 25: pikseli ni milioni 10 na kidogo, na kila biti inahudumia kama 9. Kwa H.264, mfumo wa kubana picha unaotumika sana kurushia, biti moja kwa pikseli 10 hivi ni kadirio zuri kwa shughuli yenye mwendo wa kawaida.

Ndiyo maana 480 iliyoshiba biti huonekana safi kuliko 720 yenye njaa. Bwana harusi akiwa ameketi hutaona tofauti kubwa, kwa kuwa fremu inayofuata inafanana na iliyotangulia na kazi ya kubana ni nyepesi. Ngoma ikianza, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, biti hazitoshi, na nyuso zinageuka vibokisi. Kwa hiyo ukitaka kujaribu mipangilio, usiilenge kamera ukutani. Mwambie mtu acheze mbele yake.

Fremu 25 zina faida nyingine kwetu. Umeme wa Uganda ni hezi 50, na taa nyingi za ukumbini humemeta kwa kufuata umeme huo. Kamera ikiwa kwenye fremu 25 na shata 1/50, mimemeto hiyo haionekani. Kwenye 30 na shata 1/60 picha huweza kupigapiga.

Ndani ya OBS, ukubwa wa picha uko Settings, kisha Video, kwenye Output (Scaled) Resolution. Kwenye Output weka Output Mode iwe Advanced, kisha chagua CBR ili kiwango kisipande na kushuka ovyo, na Keyframe Interval uiweke sekunde 2. Matangazo yakianza, fungua dirisha la Stats. Dropped Frames (Network) ikipanda, laini imeshindwa: punguza biti. Inayopanda ikiwa ni ile ya encoding lag, laini haina kosa. Laptopu ndiyo imelemewa, na kununua bando kubwa zaidi hakutasaidia chochote. Mtazamaji mmoja akilalamika peke yake, tatizo huenda liko kwake. Wakikwama wote dakika ileile, liko kwako.

Kuhusu bando, kilobiti 1,200 ni kama megabaiti 540 kwa saa. Harusi ya saa tatu inakula gigabaiti 1.6 hivi, ukiacha majaribio.

Kilobiti unaweza kuzipunguza matangazo yakiendelea, lakini ukubwa wa picha haubadiliki mpaka usimamishe, na hakuna atakayekusimamishia nikaha. Laini ikikutia shaka asubuhi, anza na 480 tangu mwanzo.